Betri ikipanda volti diuti inashuka, mbona viwimbi vya LM2596 vinaongezeka badala ya kupungua?

#1 Kitongoji24
Habari wakuu. Nina moduli ya LM2596 inayoshusha volti 24 za betri za sola (mbili za 12 nimeziunga mfululizo) ziwe 12 kwa ajili ya ruta na kamera mbili. Vyote kwa pamoja vinakula ampea 1.2 hivi. Koili ya moduli imeandikwa 330, kapasita ya upande wa kutokea ni 220 µF 35V.

Wiki iliyopita niliazima oskiloskopu. Asubuhi betri zikiwa 24.0 niliona viwimbi vya milivolti 130, toka chini kabisa hadi juu kabisa. Saa saba mchana, sola ikichaji na betri zimefika 28, viwimbi vikawa 150. Mzigo ni uleule.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilifundishwa kwamba viwimbi vya mkondo wa koili huwa vikubwa kuliko vyote diuti ikiwa nusu. Kutoka 24 kwenda 12 ni nusu kamili. Kutoka 28 kwenda 12 diuti ni 0.43, yaani nimeshatoka kileleni, kwa hiyo vilitakiwa vipungue. Vimeongezeka. Halafu kwa hesabu ya kapasita nilitarajia milivolti kama 5, mimi naona 130! Nikang'oa ile 220 nikaweka 1000 µF. Ikawa 118. Yaani kapasita karibu mara tano, faida milivolti 12 tu.

Kilichonifanya nianze kupima ni kwamba ruta hujizima na kuwaka yenyewe mchana. Naomba kueleweshwa, nimekosea wapi?

#2 Mzee wa Transfoma
Kijana, dawa ya viwimbi ni kapasita kubwa. Weka 4700 baada ya brichi, ukiweza weka mbili. Mimi amplifaya zangu zote nimezifanyia hivyo na mngurumo umeisha.

#3 Bi Solda
Mzee wangu shikamoo, lakini huyu hana brichi wala transfoma. Umeme wake unatoka kwenye betri, hauna ule mngurumo wa mara 100 kwa sekunde. Viwimbi vyake vinatengenezwa na moduli yenyewe, mara laki moja na nusu kwa sekunde. Na kapasita kubwa ameshaweka, haikumfaa.

#4 Mzee wa Transfoma
Marahaba mwanangu. Basi nimesoma haraka. Nakaa pembeni nisikilize.

#5 Hesabu Kwanza
Mkuu, kabla ya kulaumu moduli tupige hesabu.

```
dI = Vout * (1 - D) / (L * f)
```

Vout ni 12, diuti 0.5, koili 330 µH, masafa ya LM2596 ni 150 kHz. Napata ampea 0.12. Hiyo ni ndogo mno. Kapasita yoyote inaimeza. Kwa hiyo hizo milivolti 130 hazipo, ni kelele ambazo probu yako inaokota hewani. Ule waya mrefu wa ardhi wenye kidole cha mamba ni antena kamili.

#6 KoiliNaFeraiti
Hesabu Kwanza, fomula yako ni sahihi, ila koili umeisoma vibaya. Alama 330 kwenye koili husomwa kama kwenye rezista ndogo: 33 kisha sifuri hakuna, yaani mikrohenri 33. Ingekuwa 330 ungeona imeandikwa 331. Rudia hesabu utapata ampea 1.21, mara kumi ya uliyopata.

Sasa Kitongoji24, swali lako ni zuri na wengi hujikwaa hapohapo. Sahau kwanza fomula, tazama kipande kimoja tu cha mzunguko: ule muda swichi ya ndani ya chipu imezimwa. Hapo betri haimo tena. Koili inasukuma mkondo kupitia dayodi kwenda kwenye mzigo, na volti iliyo juu yake ni ile 12 ya kutokea. Betri iwe 24, iwe 28, koili haijui. Mkondo wake unashuka kwa mwendo uleule: 12 gawa kwa mikrohenri 33, kama ampea 0.36 kila mikrosekunde.

Kinachobadilika ni muda wa kushuka. Mzunguko mzima ni mikrosekunde 6.67. Betri ikiwa 24, swichi huzimwa nusu yake, 3.33, na mkondo unashuka ampea 1.21. Betri ikiwa 28 swichi huwaka muda mfupi zaidi, kwa hiyo huzimwa muda mrefu zaidi, 3.81, na mkondo unashuka 1.39. Kilichoshuka lazima kipande tena swichi ikiwaka, la sivyo mkondo ungeisha au ungeongezeka bila kikomo. Kwa hiyo ukishajua umbali wa kushuka umeshajua viwimbi.

Ukishikilia 12 ya kutokea isibadilike, kila betri inapopanda viwimbi vinapanda. Ukifika 36 ni ampea 1.62. Ukiilisha 15, ampea 0.48 tu. Kwako hakuna kilele cha katikati.

#7 Kitongoji24
Nimekuelewa kwenye muda wa kuzimwa, asante sana. Lakini ile sheria ya nusu sikuiota mkuu, nimeiona kwenye daftari langu la chuo, na grafu yake kama kilima.

#8 Dereva wa Fizikia
Hata mimi naijua hivyo. `D * (1 - D)` ina kilele 0.25 pale D inapokuwa 0.5. Hiyo ni hisabati, haina ubishi. Nadhani mtoa mada amepima vibaya diuti. Chipu hii ndani ina transista, inakula karibu volti 1, na dayodi nayo inakula karibu nusu. Kwa hiyo betri ikiwa 24 diuti halisi ipo juu kidogo ya nusu, kwenye 0.53 hivi. Betri ikipanda anasogelea nusu, ndiyo maana vinaongezeka. Akipita nusu vitaanza kupungua.

#9 KoiliNaFeraiti
Dereva, kuhusu volti zinazoliwa ndani ya chipu uko sahihi, na nimefurahi umelitaja, wengi hulisahau. Hitimisho ndilo silikubali.

Fomula kamili yenye kilima ni hii:

```
dI = Vin * D * (1 - D) / (L * f)
```

Ile `Vin` ya mwanzo ndiyo mliyoiacha. Kilima kinatokea ukiwa umeishikilia betri palepale na unazungusha volti ya kutokea. Kwa mfano pawasaplai ya mezani: unailisha 24, unageuza kitufe kutoka 3 hadi 20. Hapo kweli viwimbi vikubwa kuliko vyote utaviona ukiwa kwenye 12. Daftari la Kitongoji24 halikukosea, lilikuwa linajibu swali la pawasaplai ya mezani.

Kwake betri ndiyo inayotembea. Toka 24 hadi 28, `D * (1 - D)` inapungua kutoka 0.250 hadi 0.245, kupungua kusikoonekana. `Vin` inaongezeka kwa sehemu moja ya sita. Nani anashinda? Jibu analo kwenye skrini: 130 kwenda 150 ni ongezeko la asilimia 15, na 1.21 kwenda 1.39 ni asilimia 15 vilevile. Sijawahi kuona vipimo vya mtaani vikikubaliana na karatasi namna hiyo.

#10 Bi Solda
Niongeze kidogo hapo. Sheria ya nusu ina makao mengine ya kweli: kapasita ya upande wa kuingilia. Ile ndiyo hupigwa na mkondo wa kukatwakatwa, na kwa mzigo uleule joto lake huwa kubwa kuliko lote diuti ikiwa nusu. Kwa mzigo wa 1.2 hapo inabeba kama ampea 0.6 za kuipasha moto, wakati ya kutokea hata betri zikiwa 28 inabeba 0.4. Huku Mombasa moduli zinazoletwa kwangu zimekufa, mara nyingi iliyovimba ni ya kuingilia, na mwenye nayo amehangaika kubadilisha ya kutokea.

#11 Dereva wa Fizikia
Sawa, `Vin` nilikuwa nimeiacha. Nakubali kwa hilo. Lakini bado hamjajibu la pili: kwa nini 130 na si 5?

#12 Kariakoo Juu
Hilo jibu lake ni jepesi. Chipu feki. Zipo tele, zimeandikwa LM2596 lakini ndani zinatembea kama LM2576 ya zamani, kilohezi 52. Mimi nilinunua kumi kwa mkupuo, nilipopima zote mzunguko mmoja ulichukua mikrosekunde 19. Masafa yakishuka mara tatu, viwimbi vya koili vinapanda mara tatu. Koili ileile ya 33 haiwezi kazi hiyo, ikawa inachemka mpaka rangi inabadilika. Mtoa mada pima mzunguko wako una mikrosekunde ngapi, usiamini maandishi.

#13 Hesabu Kwanza
Na mimi bado nipo kwenye probu. Nakubali koili niliisoma vibaya, lakini waya wa ardhi wa sentimita 15 unaweza kuongeza milivolti 100 bila shida. Toa ule mdomo wa probu, zungushia waya mfupi kwenye pete ya ardhi, gusa miguu ya kapasita yenyewe. Halafu washa kile kizuizi cha 20 MHz.

#14 Kitongoji24
Nimerudi na vipimo, oskiloskopu ilikuwa bado kwangu hadi jana jioni.

Mzunguko mmoja ni mikrosekunde 6.6, kwa hiyo Kariakoo Juu, yangu inatembea 150.

Probu nimefanya kama alivyosema Hesabu Kwanza. Kabla ya hapo kulikuwa na miiba mirefu mwanzoni na mwishoni mwa kila pembetatu, ukiihesabu nayo unapata kama 300. Mimi siku ya kwanza niliiruka, nilipima pembetatu tu. Baada ya waya mfupi miiba imebaki midogo sana, lakini pembetatu yenyewe haikusogea. Bado 130 betri zikiwa 24.

Umbo lake ni la pembetatu kabisa, mistari imenyooka, kona kali.

#15 KoiliNaFeraiti
Umbo hilo ndilo jibu.

Turudi kwenye hesabu yako ya milivolti 5:

```
dV = dI / (8 * f * C)
```

Hiyo 8 inatoka wapi? Mzigo unachukua wastani wa mkondo wa koili. Kinachobaki, pembetatu inayopanda juu ya wastani na kushuka chini yake, kinaingia na kutoka kwenye kapasita. Nusu ya mzunguko kapasita inajazwa, nusu inatolewa. Chaji inayoingia ni eneo la pembetatu moja ndogo: urefu wa chini ni nusu ya mzunguko, kimo ni nusu ya viwimbi, na eneo la pembetatu ni nusu ya kuzidisha hivyo viwili. Nusu mara nusu mara nusu, ndiyo hiyo moja ya nane. Kwako inatoka mikrokulombu 1 karibu kamili. Igawe kwa mikrofaradi 220, milivolti 4.6. Hesabu yako haikuwa na kosa.

Ila hiyo ni kapasita ya kwenye karatasi. Ya kwenye moduli ina ukinzani ndani yake, ule unaosomwa ESR kwenye mita, na mkondo uleule wa pembetatu unapita humo. Mkondo wa pembetatu ukipita kwenye ukinzani unatoa volti ya pembetatu. Kujaza na kutoa chaji kunatoa umbo la mviringo, mabonde na vilima laini bila kona. Wewe umeona kona kali, kwa hiyo unachokiona ni ukinzani, wala si udogo wa kapasita.

Gawa: 130 kwa 1.21 ni ohmu 0.107. Gawa tena vipimo vya mchana, 150 kwa 1.39, ni 0.108. Kapasita yako ina ohmu 0.11 hivi, na kwa kapasita ya moduli ya bei rahisi hilo halinishangazi hata kidogo.

Ile 1000 uliitoa wapi?

#16 Kitongoji24
Kwenye pawasaplai ya televisheni ya zamani niliyoivunja. Nilipima uwezo kwa multimeta, ikasoma 960, nikaona nzima.

#17 Fundi wa Makete
Hapo umejibiwa ndugu yangu. Multimeta inapima ujazo, haipimi ukinzani. Kapasita iliyokauka nusu inaweza kusoma ujazo mzuri na ukinzani umeshapanda maradufu. Yako imetoa milivolti 118, yaani karibu ohmu 0.1. Kapasita mpya ya 1000 iliyotengenezwa kwa kazi hii huwa chini ya hapo sana.

Halafu nina jambo langu. Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita asubuhi vidole haviinami. Nina moduli kama hiyo kwenye redio ya mawasiliano, inalishwa na chaja ya volti zisizobadilika, si betri ya kupanda na kushuka. Viwimbi vyangu ni vikubwa asubuhi na vidogo mchana. Kinyume cha mtoa mada kabisa. Je hesabu ya muda wa kuzimwa inasemaje hapo?

#18 Dereva wa Fizikia
Mchana joto linaongeza ukinzani wa kila kitu. Labda yako umepima kinyume.

#19 Bi Solda
Hapana Dereva, ukinzani wa waya wa shaba ndio hupanda kwa joto. Kapasita hizi ndani zina maji ya kemikali, yakipoa yanakuwa mazito na ESR inapanda, yakipata joto inashuka. Fundi wa Makete hajakosea. Kwake betri haitembei, koili inatoa viwimbi vilevile, kinachotembea ni ukinzani wa kapasita kwa baridi.

Na hilo linamgusa Kitongoji24 pia. Mchana sanduku lake ni la moto, kwa hiyo ESR yake ilitakiwa ishuke kidogo, lakini hesabu imetoa 0.107 na 0.108. Ama sanduku lilikuwa wazi wakati anapima, ama kuna kitu kingine kinachopandisha kidogo. Mimi ningetaka kujua.

#20 Kitongoji24
Sanduku lilikuwa wazi, na nililipuliza feni ili nisiungue.

#21 Hesabu Kwanza
Au koili yenyewe inaanza kushiba. Betri zikiwa 28, kilele cha mkondo wake ni 1.2 ongeza nusu ya 1.39, karibu ampea 1.9. Koili ndogo ya moduli ikipata joto, uwezo wake hupungua kabla hata ya kufika hapo. Hivyo ESR ilishuka na viwimbi vya koili vikapanda, vikafutana. Huwezi kujua bila kuona mkondo wenyewe.

#22 KoiliNaFeraiti
Inawezekana, sikatai. Koili ikianza kushiba, mstari wa kupanda unapinda juu mwishoni, kama mkia wa nge. Amesema mistari imenyooka, ndiyo maana sikuifikiria. Lakini kwa tofauti ya asilimia chache jicho halitaona.

#23 Kariakoo Juu
Wakuu tunapiga hesabu tamu, lakini ruta inajizima. Viwimbi ndivyo vinavyoizima au sivyo? Maana mimi nasema ndivyo, mchana vinaongezeka na mchana ndiyo inazima. Vitu viwili vinakwenda pamoja.

#24 Bi Solda
Milivolti 150 juu ya volti 12 ni asilimia moja na robo tu. Ruta yenyewe ndani ina konveta nyingine ya kushusha 12 iwe 3.3 na chini yake, na mlangoni ina kapasita zake. Haiwezi kuhisi hiyo. Mimi ningeshika chipu kwa kidole mchana sanduku likiwa limefungwa. Volti 12 kwa ampea 1.2 ni wati 14, na moduli ya chipu hii ya transista kwa kazi hiyo inapoteza wati moja na nusu hadi mbili. Ndani ya sanduku la bati chini ya paa la bati? LM2596 ikizidi joto hujizima yenyewe, ikipoa inarudi. Tabia hiyohiyo.

#25 Kitongoji24
Dada sanduku ni la bati kweli na lipo juu ya dari. Lakini kamera hazizimi, ni ruta tu. Zinatumia moduli moja.

#26 Bi Solda
Basi hapo sina jibu la haraka. Kama chipu ingejizima, kamera nazo zingekwenda. Labda zinazima na kurudi bila wewe kujua, angalia rekodi za mchana kama zina mwanya. Au ruta yenyewe ndiyo inayochemka.

#27 Mzee wa Transfoma
Ruta yangu ilizima mchana nikagundua mjusi amelala juu ya matundu ya hewa. Angalia matundu.

#28 Kitongoji24
Nitaangalia mzee wangu.

Nimerudi na swali lingine kabla uzi haujapoa. Kwa ushauri wenu niliacha wazo la kapasita za zamani, nikanunua za seramiki, 22 µF mbili, nikazilehemu sambamba na ile 220. Viwimbi vimeshuka kutoka 130 hadi 25 hivi. Nilifurahi sana. Lakini nilipochomoa kamera ili nione mzigo ukiwa mdogo, ruta peke yake kwenye nusu ampea, skrini ilianza kuonyesha mtetemo mwingine juu ya viwimbi, kitu cha kucheza kisichotulia. Nikichomeka kamera kinaondoka. Nimeharibu?

#29 Hesabu Kwanza
Umeharibu ndiyo. Datashiti ya LM2596 inaonya kwamba ESR ikiwa ndogo mno kitanzi cha udhibiti hakitulii. Chipu hii ni ya enzi za kapasita za maji, ilitegemea ule ukinzani ili itulie. Seramiki ina miliohmu chache tu. Ng'oa.

#30 KoiliNaFeraiti
Onyo lipo kweli, lakini tusikimbilie. Yeye hakuondoa ile 220, ipo sambamba, na ohmu zake 0.11 bado zinatuliza. Mimi naona jambo lingine. Hesabu zote tulizopiga hapa zina sharti moja: mkondo wa koili usifike sifuri. Wastani lazima uzidi nusu ya viwimbi. Kwa mzigo wa 1.2, nusu ya viwimbi ni 0.6 asubuhi na 0.7 mchana, tupo salama. Akichomoa kamera wastani ni 0.5. Mkondo unaisha kabla mzunguko haujaisha, dayodi inafunga, swichi bado imezimwa, na koili inabaki ikicheza na vijikapasita vya chipu na dayodi kama kengele iliyogongwa. Hilo ni la kawaida na halina madhara. Wakati huo diuti nayo haifuati tena 12 gawa kwa 24, inashuka kadiri mzigo unavyopungua.

#31 Hesabu Kwanza
Mkuu, kengele hiyo huonekana kwenye mguu wa chipu unaounganisha koili na dayodi. Yeye amepima kwenye kapasita ya kutokea. Ingefikaje huko kwa ukubwa wa kuonekana?

#32 KoiliNaFeraiti
Swali zuri. Kwa koili hizi za ngoma zisizofunikwa, inaruka hewani na kuingia kwenye probu. Lakini nakubali ushahidi wangu si kamili.

Njia ya kutenganisha ni hii. Kengele hutokea ndani ya kila mzunguko mahali palepale, ukituliza skrini inasimama kama picha, na mwendo wake ni wa haraka kuliko 150. Kitanzi kisichotulia ni cha polepole, kilohezi chache au makumi, na ukitazama mguu wa swichi utaona mapigo marefu na mafupi yakipishana, hayafanani. Kitongoji24 umesema "kisichotulia". Ulikuwa na maana kilikuwa hakisimami kwenye skrini, au ni kuchezacheza tu kwa macho?

#33 Kitongoji24
Hakikuwa kinasimama, lakini pia sikugusa kitufe cha kutuliza, niliacha kilivyokuwa. Na oskiloskopu nimeshairudisha.

#34 Hesabu Kwanza
Kitanzi hicho.

#35 Fundi wa Makete
Wakati mnasubiri: mimi kwenye redio yangu seramiki niliweka nje ya kitanzi. 220 ilibaki mahali pake, chipu inapima volti hapohapo. Baada yake nikaweka koili ndogo ya mikrohenri chache yenye waya mnene, ndipo seramiki, ndipo mzigo. Chipu haizioni zile seramiki kama zake, na redio inapata umeme safi. Ila koili hiyo inakula volti kidogo mzigo ukiwa mkubwa, na chipu haitairekebisha kwa sababu haiioni.

#36 Kitongoji24
Hiyo nitaijaribu mkuu, koili za mikrohenri chache ninazo kwenye bodi za kompyuta. Oskiloskopu nimeahidiwa tena Jumamosi. Nitapima mguu wa swichi kamera zikiwa zimechomolewa, na nitatuliza skrini kwanza. Rekodi za kamera nimeangalia za siku tatu: mwanya upo mmoja, saa nane kasoro, sekunde 40 hivi. Siku nyingine mbili ruta ilizima na rekodi hazina mwanya.

#37 Bi Solda
Basi una magonjwa mawili kwenye sanduku moja. Ukipima Jumamosi, pima na joto la chipu sanduku likiwa limefungwa.